Jinsi ya Kumweleza Mwenye Mgahawa kwa Baruapepe Sababu ya Kubadilisha Kichwa cha Ukurasa wa Menyu

Mwenye mgahawa akiambiwa kwamba "jina la ukurasa wa menyu limebadilishwa", mara nyingi husikia kwamba jina la mgahawa wake limebadilishwa, au kwamba kuna mtu amegusa bei. Hajawahi kuufikiria ukurasa kama kitu chenye kichwa chake, yaani ule mstari unaoonekana kwenye Google, kilicho mbali na kibao cha mlangoni na mbali na karatasi iliyo mezani. Baruapepe itakayoanza na takwimu za utafutaji itasomwa na mtu ambaye tayari ana wasiwasi, na takwimu hazimwondolei mtu wasiwasi asioutaja. Kwa hiyo kazi hii ina sehemu mbili: kwanza kujiridhisha mwenyewe kwamba mabadiliko yalikuwa na sababu, kisha kuieleza sababu hiyo kwa mpangilio utakaomfaa msomaji, ambao ni tofauti na mpangilio uliokufaa wewe ulipokuwa ukichunguza.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni mgahawa wa samaki ulio karibu na Ghuba ya Mikindani, unaoendeshwa na mama mmoja mtu mzima anayejua kutumia simu vizuri lakini hana muda wa kusoma ripoti. Tarakimu nitakazotaja ni za kufanyia mfano, na palipo na jina la biashara nitaandika "Jina la Mgahawa". Ukurasa wa menyu ulikuwa na kichwa hiki, ambacho mama mwenyewe alikibuni na alikipenda:

```html
<title>Mapochopocho ya Ghuba | Jina la Mgahawa</title>
```

Ni maneno mazuri. Tatizo lake ni kwamba mtu mwenye njaa aliyeko Mtwara mjini hayaandiki kwenye Google.

Kuchota maneno ya walaji

Fungua Google Search Console ya tovuti husika, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti maneno yaliyowaleta watu, ingia kwenye ripoti ya Performance, kisha chuja kwa anwani ya ukurasa wa menyu peke yake. Hata ukisahau mengine yote, usisahau kichujio hicho, kwa sababu bila hicho utachanganya maneno yaliyomleta mtu kwenye ukurasa wa mwanzo na yale yaliyomleta kwenye menyu. Ripoti hufunguka ikiwa na miezi 3 ya mwisho, na inaweza kurudi nyuma hadi miezi 16. Kwa mgahawa mdogo miezi 3 inatosha, mradi mwezi wa Ramadhani usiwe ndani yake, kwa kuwa mwezi huo wateja hubadili saa za kula na hata vyakula wanavyovitafuta.

Kwenye kichupo cha Queries utaona maneno yaliyoandikwa na watafutaji, na pembeni ya kila safu, ukiwa umewasha vipimo vyote juu ya grafu, kuna hesabu nne. Mbili ndizo nguzo za baruapepe yako: mara ambazo ukurasa ulijitokeza mbele ya mtafutaji, na mara ambazo ulibofywa. Ya tatu ni kiwango cha kubofywa, ambacho ni ile ya pili kugawanywa kwa ile ya kwanza. Ya nne ni nafasi ya wastani, na hii huwachanganya watu: nafasi ya 6 ni bora kuliko ya 40, kwa maana 1 ndiyo ya juu kabisa.

Pakua jedwali hilo na ulipange kwa mkono. Katika mfano wetu, miezi ya Juni hadi Agosti ilitoa maneno kama haya, nayaweka kama yalivyoandikwa:

```
menu mikindani
samaki wa kupaka mtwara
pweza wa nazi mtwara bei
pweza bei gani kilo mtwara
```

Kwenye safu ya nne inafaa kusimama kidogo. Nilipoipanga mara ya kwanza niliihesabu pamoja na ya tatu, kwa sababu zote zina pweza, bei na Mtwara. Lakini anayeuliza bei ya kilo haji kula. Anataka pweza mbichi, labda wa kuuza tena, na mahali pake ni mnada wa samaki ufukweni. Mtu huyo akiuona ukurasa wa mgahawa hataubofya hata ukiupamba vipi, na akiubofya kwa bahati mbaya ataondoka mara moja. Ukimwacha ndani ya hesabu, utamwonyesha mama umati wa "wateja waliopotea" ambao hawakuwa wateja wake tangu awali, naye anayeijua biashara ya pweza kukuzidi ataligundua hilo kabla hujamaliza kueleza.

Baada ya kuwatenga, makundi yalibaki hivi. Walioandika jina la mgahawa waliuona ukurasa mara 240 na kuubofya mara 44. Walioandika jina la chakula pamoja na mahali waliuona mara 980 na kuubofya mara 9. Walioandika neno la menyu pamoja na mahali waliuona mara 260 na kuubofya mara 5. Wanunuzi wa kilo waliuona mara 310 na hawakubofya kabisa.

Je, kosa ni la kichwa kweli?

Hapa ndipo wengi hukimbilia jibu. Kubofywa kidogo hakuthibitishi kwamba kichwa ni kibaya. Angalia kwanza nafasi ya wastani ya kila kundi. Kama kundi la vyakula lingekuwa kwenye nafasi ya 35, maana yake ni kwamba watu wachache mno hufika huko chini, na kubadilisha kichwa ili kuongeza mibofyo kungekuwa sawa na kupaka rangi mlango wa duka lililo mtaa usiopitika. Katika mfano wetu kundi hilo lilikuwa kwenye nafasi ya 6.2 na kundi la menyu kwenye 5.4. Ukurasa ulikuwa ukipita mbele ya macho ya watu, wakaupita. Walioandika jina la mgahawa, kwa upande mwingine, walibofya karibu mara 18 katika kila 100, kwa sababu wao walikuwa wakilitafuta jina hilo na jina walilikuta pale. Walioandika chakula hawakufikia hata mara 1 katika kila 100. Ukurasa ni ule ule na kichwa ni kile kile. Kinachotofautiana ni kama kichwa kinalo neno ambalo mtafutaji amelibeba akilini.

Kuna jambo jingine la kukagua kabla ya kukilaumu kichwa: menyu yenyewe iwe imeandikwa kwa maandishi ndani ya ukurasa. Migahawa mingi hupiga picha karatasi ya menyu na kuipandisha kama ilivyo. Ikiwa hali ni hiyo, anza na kuyaandika maandishi, kwa sababu kichwa kinachoahidi pweza wa nazi juu ya ukurasa usio na neno pweza mahali popote hakina cha kukishika.

Kuchagua maneno mapya

Mtihani mgumu ulikuwa neno lenyewe la menyu. Katika jedwali, walioandika `menu` walikuwa wengi kuliko walioandika `menyu`, na aliyeandika `orodha ya vyakula` hakuwepo hata mmoja. Mimi ni mtu wa kuandika Kiswahili kwa tahajia yake na sikupenda nilichokiona. Hata hivyo, kichwa kinachoonekana kwenye Google ni kwa ajili ya mtu aliye nje, na kichwa kinachoonekana juu ya ukurasa ni kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuingia, hivyo vinaweza kugawana kazi. Nje niliweka tahajia ya watafutaji, ndani nikaweka tahajia yetu na maneno ya mama:

```html
<title>Menu na Bei: Pweza wa Nazi, Samaki – Mikindani, Mtwara | Jina la Mgahawa</title>
<h1>Mapochopocho ya Ghuba: Menyu na Bei Zetu</h1>
```

Niliandika "Pweza wa Nazi" badala ya "Pweza" peke yake ili mnunuzi wa kilo ajue papo hapo kwamba hapa pana sufuria na sahani. Jina la mahali ni Mikindani na Mtwara kwa pamoja, kwa kuwa walioko mjini huandika Mtwara na wenyeji wa ghubani huandika Mikindani. Kichwa hiki ni kirefu na mwisho wake unaweza kukatwa kwenye skrini ya simu, ndiyo maana kilichowekwa mwisho ni jina la mgahawa: wanaolitafuta jina hilo walikuwa wakiupata ukurasa bila shida, na tovuti yenye anwani yake yenyewe kwa kawaida huonyeshwa jina lake juu kidogo ya kichwa.

Usiiache h1, yaani kile kichwa cha ndani ya ukurasa, ibaki na maneno ya sifa pekee. Google hailazimiki kuonyesha kichwa ulichoandika. Ikiona hakifai huweza kuchukua maneno mengine ya ukurasa, na h1 ni mojawapo ya mahali inapochukua. Kama ingebaki "Mapochopocho ya Ghuba" tupu, yale yale yangeweza kurudi kwa mlango wa nyuma.

Baruapepe yenyewe

Sentensi ya kwanza baada ya salamu itaje vitu ambavyo havijabadilika. Kisha useme kilichobadilika, halafu sababu, halafu unachokijua na usichoweza kuahidi. Makundi manne niliyoyapanga hayahitaji kuingia yote. Mama anahitaji mawili yanayolinganishwa, na lile la wanunuzi wa kilo kwa sababu litamwonyesha kwamba hesabu imefanywa na mtu aliyefikiri. Hivi ndivyo ilivyoandikwa:

> Mada: Ukurasa wa menyu: jina la mgahawa na bei havijaguswa
>
> Mama, shikamoo.
>
> Natumaini u mzima na kazi zinaendelea salama. Jina la mgahawa, bei, vyakula na anwani ya ukurasa wa menyu vimebaki kama vilivyokuwa, na ule msimbo wa QR ulio mezani bado unafungua ukurasa ule ule. Nilichobadilisha ni mstari mmoja wa maandishi, ule ambao mtu huuona kwenye Google kabla hajaingia kwenye tovuti yako. Ulikuwa "Mapochopocho ya Ghuba", na sasa unaanza na "Menu na Bei: Pweza wa Nazi, Samaki – Mikindani, Mtwara".
>
> Sababu ni hii. Kati ya Juni na Agosti, watu walioandika jina la mgahawa wako waliuona ukurasa wa menyu mara 240 na wakauingia mara 44. Watu walioandika jina la chakula na mahali, kwa mfano "samaki wa kupaka mtwara", waliuona mara 980, karibu na juu ya orodha, na wakauingia mara 9 tu. Hao wa pili hawakujua kwamba mapochopocho ni menyu, wala kwamba ndani yake pana chakula kile kile walichokuwa wakikitafuta.
>
> Sikuwahesabu waliokuwa wakiuliza bei ya pweza kwa kilo, maana hao wanataka pweza mbichi. Vilevile, Google huficha maneno yaliyoandikwa na watu wachache sana ili wasitambulike, kwa hiyo ukijumlisha hesabu hizi hutapata jumla kamili ya ukurasa.
>
> Maneno yako hayajafutwa. Mtu akiingia, anakutana na "Mapochopocho ya Ghuba: Menyu na Bei Zetu" juu kabisa ya ukurasa.
>
> Google inaweza kuchukua siku kadhaa au wiki chache kabla ya kuonyesha maneno mapya, na wakati mwingine huonyesha maneno iliyoyachagua yenyewe. Siwezi kukuahidi idadi ya wateja. Nitahesabu upya siku 28 baada ya maneno mapya kuonekana na nitakuandikia matokeo, yawe mazuri au mabaya. Maneno ya zamani nimeyahifadhi, na ukitaka yarudishwe ni kazi ya dakika chache.
>
> Nilipaswa kukuuliza kabla ya kubadilisha, na hilo naomba radhi.
>
> Wako mtiifu,

Aya ya tatu ya barua hiyo ilinigharimu kuijifunza. Miaka iliyopita nilimtumia mteja mwingine jedwali zima bila kueleza kwamba Google huficha baadhi ya maneno. Kijana wake alichukua kikokotoo, akajumlisha safu zote, akapata pungufu ya ile jumla iliyoandikwa juu ya grafu, na kuanzia hapo kila tarakimu niliyoileta ilitazamwa kama ya mtu anayeficha kitu. Katika mfano wetu jumla ya ukurasa ilikuwa mara 2,150 na makundi manne yanatoa 1,790. Hizo 360 hazikupotea wala hazikuibwa, ila huwezi kumwonyesha mtu zilipo, kwa hiyo mwambie mapema.

Radhi nimeiweka mwishoni kwa makusudi. Ikiwekwa mwanzo inaifanya barua nzima isomwe kama maungamo. Lakini isiachwe: kama makubaliano yenu hayakusema kwamba unaweza kubadilisha maneno ya ukurasa bila kuuliza, basi ulipaswa kuuliza, hata kama hesabu inakuunga mkono.

Maswali yatakayorudi

Jibu la kwanza la mama lilikuwa fupi: "Mwanangu, mbona umeandika menu ya Kizungu?" Swali la aina hiyo lijibiwe kwa maneno ya walaji wenyewe, bila kuanza kumfundisha jinsi Google inavyofanya kazi. Nilimwandikia kwamba kati ya watu walioandika neno hilo, wengi waliliandika hivyo, na kwamba ndani ya ukurasa limeandikwa menyu. Aliridhika. Angekataa, ningeweka "Menyu" na kuendelea, kwa sababu majina ya vyakula na mahali ndiyo yaliyobeba uzito mkubwa zaidi katika jedwali, na ugomvi wa herufi moja haufai kuhatarisha mstari mzima.

Swali la pili huwa ni "mbona kwenye simu yangu bado naona ya zamani?" Hili ulikague mwenyewe kabla hajauliza. Tumia ukaguzi wa anwani ndani ya Search Console kuomba ukurasa usomwe upya, kisha baada ya siku chache andika moja ya maneno ya watafutaji na utazame kichwa kilichoonyeshwa.  Usitumie simu yako kupima nafasi ya ukurasa, kwa sababu mahali ulipo na ulichowahi kukitafuta huathiri unachokiona.

Kuhesabu upya bila kudanganywa na korosho

Ahadi ya siku 28 ina mtego wake huku kusini. Maneno mapya yalianza kuonekana tarehe 20 Septemba, kwa hiyo siku 28 zilizofuata ziliishia tarehe 17 Oktoba, wakati ambapo msimu wa korosho unashika kasi na minada huanza. Mji hujaa wanunuzi, madereva wa malori na watu wa maghala, nao wote hula. Mibofyo ingeongezeka hata kama kichwa kingeachwa kama kilivyokuwa, na mtu mwenye haraka angejipatia sifa ambazo ni za korosho.

Njia ya kuachanisha mambo hayo ni kutolinganisha idadi ya mibofyo peke yake. Chukua kundi lile lile la vyakula na mahali, kwa siku 28 za kabla na siku 28 za baada, ulinganishe kiwango cha kubofywa, na uhakikishe kwamba nafasi ya wastani haikuhama sana. Katika mfano wetu, kabla ya mabadiliko kundi hilo lilijitokeza mara 310 na kubofywa mara 3, likiwa kwenye nafasi ya 6.1. Baada yake lilijitokeza mara 420 na kubofywa mara 17, likiwa kwenye nafasi ya 5.9. Kutoka 310 hadi 420 ni ongezeko la watafutaji, na hilo nililiachia msimu. Kutoka mara 1 hivi katika kila 100 hadi mara 4 katika kila 100 ndiyo sehemu ambayo kichwa kinaweza kuidai, hasa kwa kuwa kundi la walioandika jina la mgahawa lilibaki pale pale, karibu mara 18 katika kila 100. Kama nalo lingepanda, ningeshuku kwamba kuna sababu nyingine inayoinua kila kitu.

Mibofyo 17 bado ni michache, na katika baruapepe ya pili nilisema hivyo. Nilimwambia pia kwamba hesabu hizi zinatoka kwenye utafutaji wa Google pekee, na kwamba aliyepiga simu moja kwa moja kutoka kwenye ramani bila kufungua ukurasa hamo ndani yake. Kwa hiyo asishangae akiona sura mpya mezani ambazo mimi sikuzihesabu.

Jibu lake kwa barua hiyo lilileta kazi ambayo sikuitarajia. Aliandika kwamba wateja watatu walifika wakiwa wameshika simu, wakaagiza pweza wa nazi siku ambayo bahari ilikuwa imechafuka na pweza hakuwepo. Kichwa kilikuwa kimewaita kwa chakula ambacho jikoni hakikuwepo. Tukakubaliana kwamba kila siku asipopata pweza, mpishi ananitumia ujumbe kabla ya saa nne asubuhi, nami naweka mstari mmoja chini ya bei yake: "Leo hayupo, samaki wa kupaka yupo."